Viatu vya gofu: meno au soli isiyo na meno kwenye nyasi zenye umande?

Swali: Nacheza asubuhi na mapema, mashimo 18 kwa miguu. Viatu vyangu visivyo na meno ni laini mwanzo hadi mwisho, lakini nikipiga na draiva mguu wa kulia unateleza. Vile vya meno haviniangushi, ila kuanzia shimo la 12 nyayo zinawaka moto chini ya vidole. Ninunue vipi? (Napiga kwa upande wa kulia.)

Jibu: Usinunue kwanza. Geuza jozi zote mbili utazame chini.

Tuanze na zisizo na meno. Soli yake ina vijinundu vingi vya mpira, na kinachoshika nyasi ni kingo za vijinundu hivyo. Pitisha kidole gumba sehemu ya mbele, upande wa ndani wa kiatu cha kulia. Hapo ndipo anayepiga kwa kulia hujisukumia anaposhusha fimbo, kwa hiyo ndipo panapolika mapema, pamoja na ukingo wa nje wa kisigino. Ukikuta vijinundu vimekuwa duara kama kokoto za mtoni, kiatu kimekwisha kazi kwenye maji hata kama ngozi ya juu bado inang'aa. Vijinundu vimeumbwa pamoja na soli, havibadilishwi.

Ikiwa kingo bado ni kali, mshukiwa ni majani. Nyasi zilizokatwa karibuni zikilowa hujibana kati ya vijinundu, na baada ya mashimo mawili matatu unakanyagia mkeka wa majani juu ya majani. Utalijua hilo kwa sababu kwenye ti ya kwanza husimama imara, kisha utelezi unaongezeka kadiri unavyotembea. Dawa yake ni brashi ngumu mfukoni na kukwangua soli kabla ya kila pigo la draiva. Hata hivyo nitasema wazi: kwenye umande mzito au mteremko, vijinundu safi na vipya bado havifikii meno, kwa kuwa meno hupenya katikati ya majani na kuyakamata karibu na udongo, wakati vijinundu vinabaki zaidi juu juu palipo na maji.

Angalia pia ni mguu upi. Wa kulia ukikimbia nje au nyuma kabla hujagusa mpira, huo ni upungufu wa mshiko. Lakini wa kushoto ukizunguka kidogo baada ya mpira kuondoka, uache. Kuna wachezaji huutafutia dawa, kumbe mguu uliogandishwa kabisa huhamishia msokoto kwenye goti.

Sasa huo moto. Toa soli ya ndani ya kiatu cha meno, ingiza mkono, bonyeza sakafu ya kiatu kwa kidole. Ukihisi vivimbe vya duara pale vidole vinapoanzia, hivyo ni vikombe vinavyoshikilia meno, na soli iliyochoka inaruhusu visukume unyayo. Ukitembea kwenye nyasi jino linazama na huhisi kitu. Ukitembea kwenye njia ya lami au zege jino halina pa kwenda, linasukuma juu. Mzunguko wa mashimo 18 hufika kilomita 8 hadi 10, na ukifuata njia ngumu kati ya mashimo unajitwika adhabu hiyo bila sababu.

Kosa jingine nimelikuta mara nyingi: jino moja lilipotea, likawekwa jipya peke yake kati ya yaliyolika. Hilo jipya ni refu kuliko wenzake, na uzito wote unaliangukia.

Kwa hiyo ningefanya hivi kwenye jozi yako ya meno. Badilisha meno yote kwa pamoja, ukitumia ya plastiki laini. Peleka jino la zamani dukani, kwa sababu mifumo ya kufungia haifanani na la mfumo mwingine halitaingia. Likigoma kutoka, safisha udongo kwenye matundu ya ufunguo, tia tone la mafuta ya kulegezea, subiri, kisha zungusha taratibu. Ukilazimisha, matundu yanavunjika. Weka soli mpya ya ndani yenye unene kidogo mbele, ila hakikisha vidole havigusi dari ya kiatu, maana miguu huvimba kadiri unavyotembea. Halafu cheza mizunguko miwili ukikanyaga nyasi.

Moto ukiisha, vaa hiyo kwenye umande na uache isiyo na meno kwa siku kavu. Moto ukibaki, soli yenyewe ni nyembamba mno kwako. Hapo nunua ya meno yenye sakafu nene, na uijaribu jioni ukiwa na soksi zako za kuchezea. Meno uyabadilishe kila baada ya mizunguko 15 hadi 20 hivi, mapema zaidi ukipenda kupita kwenye lami.