Paneli ya 400W inayobebeka kwapani: maswali yenu kuhusu skrinshoti za maduka ya mtandaoni

"Kaka, naomba uiangalie hii skrinshoti kabla sijatuma hela. Paneli ya sola ya 400W, walikuwa wanauza 890,000, sasa 149,000. Nataka ya kuchajia betri za taa za dagaa. Mbona bei chee hivi?" (Mvuvi, Igombe)

Usitume. Na sababu yangu kubwa siyo bei. Bei chee peke yake haitoshi kumwita mtu tapeli, huenda anamaliza mzigo. Shuka chini ya hiyo skrinshoti, pale penye herufi ndogo za vipimo: urefu sm 67, upana sm 54, uzito kilo 4. Aliyetengeneza tangazo alibadilisha kichwa cha habari akasahau huku chini.

Chukua kikokotoo cha simu. Mita 0.67 mara 0.54 ni kama mita za mraba 0.36. Jua la saa sita mchana, anga likiwa jeupe, linashusha takriban wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba, na ndicho kiwango ambacho viwanda hutumia kupimia paneli. Kwa hiyo paneli hiyo ikilazwa juani inapokea mwanga wa wati 360 hivi, halafu tangazo linadai inatoa umeme wa wati 400. Yaani inatoa zaidi ya ilichopewa na jua! Paneli nzuri za siku hizi zinageuza kama moja ya tano ya mwanga kuwa umeme, basi hiyo yako, hata ikiwa mpya na nzima, ni ya wati 70 hadi 80. Paneli ya 400W ya kweli ina urefu wa kama mita 1.7, upana mita 1.1, na uzito unafika kilo 20 na ushee. Hiyo huipakii kwenye bodaboda ukiwa umeishika kwa mkono mmoja.

Kisha kuza picha ya mgongo wa paneli. Ile stika nyeupe inasomeka kwa taabu, lakini inasomeka: Vmp 18V, Imp 4.2A. Hizo ni volti na ampea za paneli ikiwa kwenye nguvu zake zote, na ukizizidisha unapata wati zake. 18 mara 4.2 ni 75.6. Mstari wa Pmax, yaani wa wati zenyewe, ndio pekee ulioandikwa 400W, na herufi zake ni nene na safi wakati mistari mingine yote imefifia kidogo kama picha yenyewe ilivyofifia. Maandishi yaliyopigwa picha pamoja na kitu hufifia pamoja nacho. Yaliyobandikwa baadaye huonekana masafi kupita kiasi. Hapo ukubwa wa paneli unasema 75 hivi, stika nayo inasema 75, na 400 imebaki peke yake.

Nakuonya jambo jingine kwa sababu ya kazi yako. Huenda hawa hawali hela wakapotea. Huenda wakakuletea hiyo hiyo paneli ndogo, na ukilalamika wanakuuliza, "Si mzigo umepokea?" Betri moja ya 12V, 100Ah ikiisha kabisa inataka wati-saa 1,200 kujaa. Paneli ya wati 75, ikipata jua kali kwa muda wa saa tano kila siku, inakupa 375. Utakaa zaidi ya siku tatu kujaza betri moja, nawe unaingia ziwani kila usiku wa giza.

"Duka ninalotaka kununua blenda lina nyota 4.9 na waliotoa alama ni 2,316. Watu wote hao wanaweza kuwa waongo? Nimeweka picha mbili." (Mama Neema, Buzuruga)

Mama, si lazima wawe waongo, huenda hawapo kabisa. Asante kwa kutuma picha mbili, maana ya pili ndiyo iliyonisaidia.

Kwenye picha ya kwanza kuna 4.9. Kwenye ya pili kuna ile michirizi inayoonyesha waliotoa nyota tano ni asilimia 62, nne 18, tatu 8, mbili 5, na nyota moja 7. Piga hesabu ya wastani kama mwalimu anavyopiga wastani wa darasa, inatoka 4.2. Kuna maduka makubwa, Amazon likiwemo, ambayo hayatumii wastani wa kawaida, yanayapa uzito zaidi maoni ya karibuni na ya wanunuzi waliothibitishwa, kwa hiyo tofauti ndogo isikushtue. Lakini toka 4.2 hadi 4.9 ni mbali mno. Nadhani michirizi ilinakiliwa kutoka ukurasa wa bidhaa nyingine na ile 4.9 ikaandikwa kwa mkono.

Punguzo nalo lina kasoro ya aina hiyo hiyo. Picha yako inasema bei ya awali 240,000, sasa 85,000, punguzo asilimia 75. Asilimia 75 ikitoka kwenye 240,000 inabaki 60,000. Kwenye duka halisi asilimia hupigwa na mfumo wenyewe, muuzaji anaingiza bei mbili tu. Asilimia isiyokubaliana na bei ina maana kuna mtu ameketi akaichapa. Hesabu hiyo inakuchukua nusu dakika na mimi huanzia hapo kabla sijaangalia kitu kingine.

Maoni yenyewe sikuyasoma sana. Yote sita yana tarehe moja na yote yanasifu "huduma", hakuna hata mmoja aliyetaja blenda yenyewe inasagaje.

"Kwenye ukurasa kuna saa inayohesabu kurudi nyuma, inasema ofa inaisha. Niharakishe?" (Kijana wa Igoma)

Angalia juu ya skrinshoti zako, kwenye saa ya simu. Ya kwanza umeipiga 14:10 na ofa ilikuwa imebakiza 09:58. Ya pili umeipiga 19:32, na bado imebakiza 09:58. Saa hiyo inaanza upya kila mtu anapofungua ukurasa. Kalale.

"Juu kabisa pameandikwa jina la duka ninalolijua na kuna alama ya kufuli. Mimi nilifundishwa kufuli ni usalama." (Mwalimu, Sengerema)

Mwalimu, kufuli linakwambia kitu kimoja tu: kwamba hakuna mtu njiani anayeweza kusoma mnachoandikiana wewe na tovuti. Halisemi mwenye tovuti ni nani. Cheti cha kuweka kufuli kinapatikana bure kwa dakika chache, na tapeli anacho kama benki inavyokuwa nacho. Ndiyo maana kivinjari cha Chrome kilianza kuliondoa mwaka 2023.

Cha kusoma ni anwani, na inasomwa kutoka mwisho. Iliyo kwenye picha yako ni ya mtindo huu:

```
https://dukakubwa.co.tz.ofa-ya-leo.shop/sola/400w
```

Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya ile `https://`, kisha rudi nyuma kuelekea kushoto. Unakutana na `ofa-ya-leo.shop`. Huyo ndiye mwenye nyumba. Kila kilicho kushoto kwake, hata kama ni `dukakubwa.co.tz`, ni maneno aliyojiandikia mlangoni, naye angeweza kuandika jina lolote. Simu ndogo humsaidia tapeli hapa, kwa sababu anwani ndefu hukatwa na unaona mwanzo wake tu. Ukiona anwani imeishia na nukta tatu, iguse uifungue yote kabla ya kupiga skrinshoti.

Nyongeza: bado napokea picha za "ofa za Jumia Tanzania". Jumia walifunga shughuli zao Tanzania Novemba 2019. Tangazo la namna hiyo halihitaji kukuzwa wala kupigiwa hesabu.

"Nilimuomba muuzaji uthibitisho, akanitumia WhatsApp skrinshoti ya ukurasa wa duka, friji ipo na bei ni ile ile. Sijaona kasoro hata moja. Nilipe?" (Dada wa Kirumba)

Dada, hata mimi sijaona kasoro, na bado nasema usilipe. Skrinshoti inaweza kukuonyesha kuwa tangazo ni bandia. Haiwezi kukuonyesha kuwa ni la kweli. Yeyote mwenye kompyuta anaweza kufungua ukurasa halisi wa duka, akabadilisha bei na jina kwenye kivinjari chake mwenyewe bila kugusa tovuti, akapiga picha. Hakutakuwa na herufi nene wala ukungu, kwa sababu hakuna kilichobandikwa juu ya picha.

Cha kutazama kwenye picha yako ni kilichokosekana. Imekatwa juu, anwani haipo, wala saa ya simu haipo. Mwambie akutumie kiungo, siyo picha, ukifungue mwenyewe. Akianza maneno mengi kwa nini kiungo "kinasumbua", jibu umelipata.

Wakati unasubiri, kata ile picha ya friji peke yake, bila maandishi, uitafute kwa Google Lens. Picha ya katalogi ya kampuni itatokea kila mahali na hiyo siyo kosa, maduka ya kweli huzitumia. Tafuta ile picha anayosema kaipiga "dukani kwetu". Ikitokea kwenye tangazo la mji mwingine, yenye sakafu ile ile na pazia lile lile, huyo hana friji.

"Wanasema duka lipo Makoroboi, Ilemela, na wanaleta Nansio bure ndani ya saa moja." (Msomaji, Ukerewe)

Makoroboi iko Nyamagana, siyo Ilemela, na meli ya Nansio peke yake inatumia zaidi ya saa moja. Mtu huyo hajawahi kufika Mwanza.

"Mimi nimeshatuma. Nifanyeje?" (Hakutaja anapoishi)

Piga 100 sasa hivi, huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia kutuma, uombe muamala uzuiwe. Hela ikiwa bado haijatolewa kuna nafasi, ikishatolewa nafasi ni finyu sana. Namba ya tapeli iripoti kwa kutuma ujumbe wake kwenda 15040.

Kisha rudi kwenye ukurasa kabla hawajaufuta, upige skrinshoti zako mwenyewe: anwani nzima ikionekana, saa ya simu juu, bei, namba waliyokupa kulipia, na jina lililotokea ulipolipa. Mazungumzo ya WhatsApp usiyafute hata kama yanakuudhi, na usimwambie muuzaji kuwa umeshtuka. Nenda navyo polisi vikiwa kwenye simu ile ile, usivihamishie kwanza kwa simu ya rafiki, maana picha ikitumwa WhatsApp inabanwa na taarifa za lini ilipigwa hupotea.