Kiarabu kwa mwenye Kiswahili: anza na mzizi, si na orodha ya maneno

Tazama sentensi hii:

أصدرت المحكمة حكمها بعد ساعة

Inasomwa: asdarat al-mahkama hukmaha baada saa. Maana yake ni kwamba mahakama ilitoa hukumu yake baada ya saa moja. Ina maneno matano, na manne kati yake unayatumia kila siku. Jipya ni la kwanza tu, asdarat, yaani "ilitoa". Ndiyo sababu vitabu vya Kiarabu vilivyoandikwa kwa Wazungu vinamchosha Mswahili: vinatumia kurasa nyingi kumfundisha kitu alichonacho, kisha vinapita mbio pale hasa atakapojikwaa.

Vifaa vya kuanzia ni vitatu. Kwanza, kitabu cha masomo chenye irabu zote juu na chini ya herufi. Kinachopatikana kwa urahisi ni Durus al-Lughah al-Arabiyyah cha Dakta V. Abdur Rahim, juzuu tatu zilizotungwa kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina. Ulizia kwenye maduka ya vitabu vya dini, kwa mfano kule Kariakoo. Pili, kamusi iliyopangwa kwa mizizi. Ya Hans Wehr, Kiarabu kwa Kiingereza, ndiyo inayotumiwa sana na wanafunzi. Tatu, daftari kubwa la mistari. Simu weka kibodi ya Kiarabu, basi. Usinunue kitabu cha pili cha masomo kabla hujamaliza juzuu ya kwanza ya hicho. Wengi wana vitabu vinne ambavyo vyote vimeishia somo la tatu.

Kitabu hicho kina upungufu wake, na ni vizuri kuujua mapema. Maneno yake ni ya nyumbani, darasani na msikitini; ukifungua habari za redio utajiona hujui kitu. Pengo hilo hulizibi kwa kukariri orodha za maneno. Linazibwa na daftari, na daftari linajazwa kwa mizizi.

Neno la Kiarabu, kwa kawaida, limejengwa juu ya konsonanti tatu. Irabu zinabadilika, herufi kama m na t zinaongezwa mwanzoni, lakini zile tatu hubaki, na kamusi hupanga maneno kwa hizo tatu. Neno "mahakama" hulikuti kwenye m. Livue hivi: ondoa irabu zote, zibaki m-h-k-m. Zimekuwa nne, kwa hiyo moja ni ya ziada, na m ya mwanzoni ndiyo mtuhumiwa wa kwanza, maana Kiarabu huiweka mbele ya majina ya mahali. Zimebaki h-k-m.

Hapa ndipo mtego mkubwa ulipo. Kiswahili kina h moja. Kiarabu kina tatu ambazo sisi tumezikunja pamoja. Ipo ه ya "hewa", laini kama yetu. Ipo ح ya "hali" na "hukumu", inayotoka kooni kwa pumzi kavu, kama unavyopulizia miwani ili uifute. Na ipo خ ya "habari" na "hatari", yenye mkwaruzo, ambayo wazee wa mwambao bado huitamka kh. Ukitafuta h-k-m kwa ه utaangukia neno la kejeli na dhihaka. Ukitafuta kwa ح utafika mahakamani. Kadhalika "habari": ukiitafuta kwa ح utakuta حبر, hibr, ambayo ni wino. Dalili kwamba umekosea herufi ni hiyo hiyo: maana uliyoikuta haina undugu wowote na neno la Kiswahili. Usilazimishe undugu. Rudi ujaribu h nyingine.

Sasa uko kwenye ح ك م. Hans Wehr huanza na kitenzi, hakama, kisha vitenzi vinavyozaliwa nacho, ambavyo haviandiki kwa ukamilifu bali huvitia namba za Kirumi kuanzia II. Baada ya hapo ndipo majina hufuata, mafupi kwanza na marefu baadaye. Wageni husoma mistari mitatu ya juu, wasilione neno, wakadhani kamusi haina. Mahkama iko mbali chini katika ukoo huo. Shuka nao wote, na njiani chukua unachokitambua:

حكم hukm, wingi أحكام ahkam: hukumu.
حكمة hikma, wingi حكم hikam: hekima.
محكمة mahkama, wingi محاكم mahakim: mahakama.
حاكم hakim, a ya kwanza ndefu, wingi حكام hukkam: mtawala.
حكومة hukuma, wingi حكومات hukumat: serikali.
حكم hakam: refa wa mpira.

Angalia vitu viwili. Neno حكم limetokea mara tatu bila irabu, likasomwa hukm, hikam na hakam. Ndiyo maana kitabu cha kwanza lazima kiwe na irabu, na ndiyo maana usiandike neno daftarini bila irabu zake. Jingine ni huyo hakim. Kwetu hakimu hukaa mahakamani. Kwao hakim ni anayetawala, na wa mahakamani ni قاض, qadhi. Mzizi unakufikisha mtaani, ila haukuonyeshi nyumba. Kila neno la Kiswahili unalolifuata kamusini lipe safu nne daftarini: neno la Kiarabu lenye irabu, wingi wake, maana yake kwa Kiarabu, halafu maana yake kwa Kiswahili. Safu mbili za mwisho zikitofautiana, piga mstari mwekundu.

Mistari mekundu itakuwa mingi kuliko unavyodhani. Tājir ni mfanyabiashara, awe na hela au hana. Ghurfa ni chumba, si ghorofa. Hasra ni majuto, wala si hasira. Qarib ni "iliyo karibu", na hutakaribisha mgeni kwa neno hilo. Na kuna "tafadhali", ambayo huwaumbua watu dukani. Kwa Kiarabu tafaddal husemwa na anayetoa: shika, ingia, keti. Anayeomba husema min fadlik. Isitoshe, tafaddali yenye i mwishoni huambiwa mwanamke. Kwa hiyo ukimwomba mwanamume kitu kwa "tafadhali" yetu, umemfanya mwanamke na ukamkaribisha achukue kitu alicho nacho mwenyewe.

Herufi nyingine tulizozikunja ni chache. K yetu ni ك ya kitabu au ق ya "karibu". S ni س ya samaki au ص ya sabuni. T ni ت au ط. Tofauti si ya mapambo: قلب qalb ni moyo, كلب kalb ni mbwa. Dh ni ذ ya dhahabu, ظ ya adhuhuri au ض ya dhaifu. Upande wa th na gh tuko salama, tumezihifadhi vizuri kuliko mataifa mengi yanayojifunza lugha hii.

Iliyopotea kabisa ni ع. Ila imeacha nyayo: kwenye maneno mengi, aa mbili mfululizo katika neno lenye asili ya Kiarabu ni kaburi la ع. Baada ni بعد, maana ni معنى, saa ni ساعة, taabu ni تعب, maarufu ni معروف, jamaa ni جماعة. Njia hii ina mwiko wake. "Taasisi" ni تأسيس, na hapo aa inaficha ile alama ndogo ء, yaani hamza, si ع. Kwa hiyo jaribu ع kwanza, ikikataa jaribu hamza. Na neno la Kibantu kama "njaa" usilipeleke kamusini kabisa.

Kuna kosa jingine ambalo ni letu peke yetu. Kiswahili kilisikia kitab, kikadhani ki ni kiambishi, kikatupa vitabu. Mwanafunzi anayevua viambishi kwa mazoea huondoa ki na kubaki na t-b, kisha hakuna kinachoeleweka. K ya kitabu ni ya mzizi, ك ت ب, na wingi wake ni kutub. Kwa "mwalimu" mambo ni kinyume: tulidhani m ni yetu, tukasema walimu, kwa Kiarabu pia ni ya ziada, mu'allim kutoka ع ل م, ukoo wa elimu. Kwa hiyo hiyo ivue bila wasiwasi.

Kwa wiki mizizi minne inatosha, kila mmoja ukurasa wake. Anza na ك ت ب, ع ل م, ح ك م na خ ب ر. Ukishakuwa na kurasa kumi hivi, fungua tovuti ya Al Jazeera ya kujifunza Kiarabu, learning.aljazeera.net, au ukurasa wa habari wa BBC kwa Kiarabu. Soma vichwa vya habari tu, na kwa kila kichwa andika konsonanti tatu za neno moja usilolijua. Usitafute maneno yote ya kichwa, utachoka kwenye cha pili. Viunganishi vitakubeba: lakini, au, hata, kabla, baada, bila, wala, vyote ni vya Kiarabu, na maana zake hazikuhama mbali.

Jambo la kuwa nalo macho makali ni siku na saa, kwa sababu hapo maneno yanafanana na hesabu hazifanani. Sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi. Waarabu wanaanza Jumapili, al-ahad, siku ya kwanza. Jumatatu yetu ni al-ithnayn, ya pili. Jumanne ni ath-thulatha, ya tatu. Jumatano ni al-arbi'a, ya nne. Alhamisi ndiyo tuliyochukua na jina lake, ndiyo maana wiki yetu ina tano mbili mfululizo. Saa nazo wanazihesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, kwa hiyo zinapishana na zetu kwa sita. Mtu akikuandikia يوم الأربعاء الساعة السابعة, sikio litasikia "arba" na "saba", na utajiandalia Jumanne saa saba. Amekuambia Jumatano, saa moja.