Maswali na majibu: korido imenyooka, ramani imepinda, na mnalaumu slam

Safari hii nimechagua machache tu, maana mengi ni swali moja limebadilisha shati. Mtu anasema slam yake mbovu, ile programu inayotumia kamera kuichorea roboti ramani na kujua iko wapi, nikimuomba faili ya kalibresheni, yaani vipimo vya kamera yake, nakuta hata hajui zile fx na cx, ukuzaji wa lenzi na kitovu cha picha kwa pikseli, zimetoka kwenye picha za saizi gani. Twende.

Mwenzangu ana kamera modeli ile ile kama yangu, naweza kutumia faili yake ya kalibresheni?

Hapana.

Nimekalibreti vizuri kabisa, RMS, lile kosa la wastani kwa pikseli, ni 0.18, lakini korido iliyonyooka inatoka kama upinde na kona ya digrii 90 inachorwa kana kwamba roboti imegeuka 120. Nihame programu yangu ya slam, ORB-SLAM3?

Usihame popote, hata huko utakakohamia utapinda tu. Nilimwomba huyu ndugu anitumie vitu viwili, picha alizokalibretia na faili ya yaml anayotumia, na jibu likaonekana kabla sijamaliza kusoma. Alikalibreti kwa 1280 kwa 720 akapata fx 920, cx 645 na cy 352, halafu kwenye roboti akaona kompyuta inazidiwa akashusha kamera iwe 640 kwa 480, na namba zote akazigawa kwa mbili. Kwa hiyo faili inasema fx 460, cx 322.5, cy 176. Sasa angalia hiyo cy. Picha ina urefu wa pikseli 480, kitovu kinatakiwa kiwe maeneo ya 240 hivi, wewe umeandika 176 na wala hujashtuka?

Kugawa kwa mbili ni sawa kama picha imepunguzwa yote kwa nusu, yaani ingekuwa 640 kwa 360. Lakini 640 kwa 480 ina umbo lingine, na kamera yake ili ipate umbo hilo inakata pembeni kwanza ndio inapunguza. Kutoka 1280 inabaki na 960 za katikati, maana yake imetupa 160 kushoto na 160 kulia, halafu inapunguza kwa theluthi mbili. Hesabu ya kweli ni hii:

```
fx = 920 * 2/3         = 613.3
cx = (645 - 160) * 2/3 = 323.3
cy = 352 * 2/3         = 234.7
```

Ukikata picha fx haibadiliki, kinachohama ni kitovu tu, ukipunguza picha vyote vinapungua pamoja. Yeye alikuwa na 460 mahali pa 613, sasa roboti ikizunguka kidogo alama ambazo slam inazifuata zinasogea kwenye picha kama za fx 613, slam inazisoma kwa macho ya 460 inaona mzunguko umezidi kwa karibu theluthi moja, ndio hiyo 90 ikawa karibu 120. Na korido inapinda kwa sababu kila fremu ina uongo mdogo wa upande ule ule, haujifuti wenyewe kwa wenyewe, unarundikana.

Ila msikimbilie kunakili hiyo hesabu jamani. Kuna kamera ambazo kihisi chake cha picha kina umbo la 640 kwa 480 na ile 720 ndio imekatwa juu na chini, hapo hesabu inageuka kabisa. Dawa ni kukalibreti kwenye saizi ile ile utakayoendeshea roboti, basi. Na kama unataka kujua kwa dakika mbili faili yako inasema kweli au la, bandika karatasi ya A4 ukutani kwa ulalo, upana wake ni sentimita 29.7, weka kamera mita 1.5 ikiitazama usoni na karatasi iwe katikati, kisha hesabu pikseli kutoka ukingo hadi ukingo. Inatakiwa iwe fx mara 0.297 gawa kwa 1.5. Kwa 613 unategemea kama 121, kwa 460 unategemea 91. Yeye alipata 122, akanyamaza siku nzima.

RMS ngapi ndio nzuri?

Hili swali nimeshalijibu mpaka limenichosha. RMS inakwambia tu kwamba modeli imekubaliana na picha ulizoipa, haikwambii kama picha zenyewe zina maana. Piga picha 6 zote ubao wa miraba wa kukalibretia ukiwa umeitazama kamera usoni, umekaa katikati, utapata RMS ya kujivunia na fx ya ovyo, kwa sababu ubao ukiwa usoni tu kamera haiwezi kutofautisha kati ya lenzi inayokuza zaidi na ubao uliosogea karibu. Kinachotenganisha hivyo viwili ni kuuinamisha ubao, digrii 30 hadi 45 hivi, mara huku mara kule. Na ubao ufike kwenye pembe za picha, maana huko ndiko lenzi inakopinda zaidi. Ukiacha pembe tupu zile k1, k2, k3 za upindaji wa lenzi zinabuniwa tu, na k3 kwa lenzi ya kawaida mara nyingi afadhali uizime kuliko kuipa uhuru wa kucheza.

Mimi nafanya hivi: napiga picha 40, nazigawa mafungu mawili bila kuchagua, nakalibreti kila fungu peke yake. Fx zikitofautiana kwa pikseli moja au mbili nalala usingizi. Zikitofautiana 15, hata RMS iwe 0.1 narudia. Baadaye nanyoosha picha ya mlango uliokaa ukingoni mwa picha, mstari wa fremu ya mlango ukiwa bado una tumbo basi upindaji wa lenzi haujakamatwa.

Na hili hamkuuliza lakini nasema: ukishanyoosha picha kabla ya kuipa slam, usiiandikie tena zile k kwenye yaml. Inanyoosha mara ya pili kitu kilichonyooka. Weka sifuri, na utumie fx na cx mpya za picha iliyonyooshwa, sio zile za zamani.

Printa imepunguza ubao, miraba inatakiwa 25 mm nikipima napata 24. Nitupe?

Usitupe. Kama imepungua sawasawa pande zote, fx na cx hazijui hata kama kuna kitu kimetokea, kinachobadilika ni umbali wa ubao kutoka kwenye kamera tu. Andika 24 uendelee. Mwenye kamera mbili za stirio ndio asicheze hapo, akiandika 25 wakati ni 24, umbali kati ya kamera zake unakua kwa asilimia 4 na chumba chote kinakua nao.

Pima upana na urefu vyote viwili, sio kimoja, maana kuna printa inavuta upande mmoja na hapo fx na mwenzake wa wima fy zinaachana. Kibaya kuliko yote ni karatasi iliyojikunja, hiyo modeli inadhani ni lenzi ndio imepinda. Gundisha kwenye kioo au ubao mgumu. Kuishika mkononi ikipepea halafu unaniuliza kwa nini k1 inabadilika kila siku, sitajibu tena.

Roboti inaenda vizuri ikinyooka, ikifika kona ikizunguka papo hapo slam inasema imepotea. Niongeze alama ziwe 3000?

Alama 3000 za ukungu bado ni ukungu. Hapa kuna mambo mawili yamekutana.

La kwanza ni eksposha. Ndani ya nyumba mwanga mdogo, kamera ikiachiwa ijiamulie inafungua kwa milisekunde 30. Roboti ikizunguka digrii 60 kwa sekunde, ambayo ni kama radiani 1.05, pikseli ya katikati inaburuzika 1.05 mara 0.03 mara fx 613, sawa na pikseli 19. Hakuna kona ya kitu inayobaki kona ikiburuzwa pikseli 19. Shusha eksposha iwe milisekunde 10 na mzunguko uwe digrii 30 kwa sekunde, mburuzo unashuka mpaka kama 3, hapo panafanyika kazi. Picha itakuwa na giza kidogo na chenga, ongeza taa kama unaweza, chenga slam inazivumilia kuliko mburuzo. Na 10 sijaitoa hewani, umeme wa hezi 50 unafanya taa nyingi zipepese mara 100 kwa sekunde, ukiweka 8 unaweza kupata mistari ya giza ikitembea kwenye picha.

```
v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-ctrls
v4l2-ctl -d /dev/video0 -c focus_automatic_continuous=0
v4l2-ctl -d /dev/video0 -c auto_exposure=1
v4l2-ctl -d /dev/video0 -c exposure_time_absolute=100
```

Anza na ule mstari wa kwanza, majina yanaweza kuwa tofauti kwenye mfumo wa zamani. Hiyo 100 ni vipande vya milisekunde 0.1, ndio unapata 10. Fokasi nimeizima makusudi, otofokasi ikisogeza lenzi fx nayo inasogea, kwa hiyo ifunge KABLA ya kukalibreti na iache palepale.

La pili eksposha haiwezi kulitibu. Kamera moja ikizunguka bila kusogea haipati umbali wa kitu chochote, ni sawa na wewe kusimama na jicho moja ukageuza shingo. Alama za zamani zinatoka upande mmoja, za upande mwingine zinaingia lakini haziwezi kuwekwa kwenye ramani kwa sababu hakuna pembe ya kuzipimia, mwisho inabaki haina cha kushika, na ukuta mweupe ukiwa mbele ndio kabisa. Ipitishe kona kwa kukata duara badala ya kuzunguka kwa kisigino. Kama lazima izunguke papo hapo basi hiyo ni kazi ya stirio au kamera ya kina, kamera moja utailaumu bure.

Chumba cha mita 4 ramani inasema 1.3, nizidishe fx?

Ukigusa fx nakufuta. Kamera moja haijui mita, hiyo 1.3 ni kipimo ilichojitungia ilipoanza. Chukua umbali wa magurudumu, linganisha na umbali wa slam kwenye kipande kilichonyooka, upate kizidisho. Ila kizidisho kimoja hakitoshi nyumba nzima, kinateleza polepole hasa baada ya kona, ndio maana watu wanayaingiza magurudumu ndani ya hesabu yenyewe badala ya kuzidisha mwishoni.

Roboti ikirudi ilipoanza lupu inafunga na ramani inajirekebisha, sasa kalibresheni ya nini?

Lupu inachukua kosa lote na kuligawa njia nzima, ncha zinakutana lakini kuta za katikati zinabaki na tumbo lile lile. Na kama kosa limeshakuwa la mita mbili, roboti inaweza isirudi kabisa mahali ambapo ingelitambua pale ilipoanzia, sijui hapo utafunga nini.