Apdeti ya Windows inafika asilimia 35, kisha inarudi nyuma

Mdogo wangu ana steshenari Mtwara mjini. Jumatatu moja asubuhi alinipigia: "Kaka, mashine imeanza tena. Inafika asilimia 35, inajizima, inawaka, inaanza upya. Wateja wamejaa!"

Nikamuuliza kioo kinaandika nini. Akasoma: Undoing changes made to your computer.

"Usiguse kitufe. Iache."

Windows haiwezi kubadilisha baadhi ya mafaili yake huku inayatumia, ndiyo maana hujizima na kuyabadilisha kabla ya kukufungulia. Ikikwama njiani hurudisha ya zamani, halafu baadaye hujaribu tena na kukwama palepale, maana kilichoikwamisha hakijaondoka. Ukiizima kwa nguvu wakati inarudisha, unaweza kubaki na mashine isiyowaka kabisa. Ile yake ilimaliza baada ya dakika 40 hivi.

Nilipofika nilichomoa flashi tatu (moja ya mteja aliyeisahau) na printa, nikaacha kibodi na mausi. Vifaa vya nje huweza kuikwamisha apdeti, na kuvichomoa ni kazi ya dakika moja, ndiyo maana naitanguliza. Kisha nikafungua Settings, Windows Update, Update history. Wengi huruka hapa wakakimbilia kupiga Windows upya, na huo ni uvivu tu, kwa sababu pale pameandikwa kosa lenyewe. Lake lilikuwa 0x80070070, yaani diski imejaa.

Diski C ilibaki na GB 3. Folda ya Downloads ilikuwa na CV na vyeti vya watu vya miaka miwili! Tulihamishia mafaili kwenye diski ya nje, tukafungua Disk Cleanup, tukabonyeza Clean up system files na kuweka tiki kwenye Windows Update Cleanup. Nafasi ikafika GB 24. Mimi chini ya 20 sianzi.

Tukajaribu, ikagoma tena, ila safari hii kwa 0x80073712. Kumbe kulikuwa na tatizo la pili nyuma ya lile la kwanza: ghala ambamo Windows huweka nakala za mafaili yake limeharibika. Nashuku umeme, maana mashine haina UPS na wiki iliyotangulia ulikatika apdeti ikiendelea. Nikafungua Command Prompt kwa Run as administrator:

```
DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow
```

Mpangilio huo usiugeuze. Amri ya pili huchota mafaili mazima kutoka ghalani, kwa hiyo ghala litengenezwe kwanza. Ya kwanza huhitaji intaneti, na inaweza kuganda kwenye asilimia ileile kwa muda mrefu, ivumilie. Ingeshindikana hata hapo, ningepiga Windows juu ya Windows kwa kuchagua Keep personal files and apps.

Haikufika huko. Saa kumi jioni apdeti ilipita asilimia 35 huku mdogo wangu akiikodolea macho, na mwenye flashi akawa amesimama mlangoni.