Valvu ya chuma na kung'oa gego

"Mama ana valvu ya chuma moyoni na kila mwezi anachoma penisilini. Ijumaa anang'olewa gego hapa Chake Chake. Ile sindano si inatosha?"

Haitoshi, dada. Sindano ile ni ya kuzuia homa ya baridi yabisi isirudi. Dawa inayobaki kwenye damu ni ndogo mno kukabili vijidudu vinavyoingia kwenye damu gego linapotoka na vinavyoweza kushambulia valvu, tena baadhi ya vijidudu vya mdomoni huwa vishaizoea penisilini. Kwa hiyo amoksilini gramu 2, ya jamii ya penisilini, ambayo wengi hupewa kabla ya kung'olewa, kwake si chaguo zuri. Mwambie daktari wa meno habari ya sindano. Huenda akampa azithromaisini miligramu 500, mara moja tu, nusu saa hadi saa moja kabla. Wafarini, dawa yake ya kuzuia damu kuganda, asiiache kwa uamuzi wake. Apimwe kwanza INR, yaani kasi ya damu yake kuganda.

Ami anayesema kila mgonjwa wa moyo apewe antibayotiki kabla ya kung'olewa jino, kapatia nusu. Presha haimo, wala stenti. Wamo wenye valvu bandia, waliowahi kupata maambukizi ndani ya moyo, na baadhi ya waliozaliwa na kasoro.

Bi wa Wete uliyeuliza kama nawe umo, valvu yako imeharibika ila haijabadilishwa. Hapo miongozo haikubaliani: wa Marekani haukuweki, Australia inawaweka baadhi. Muulize daktari wako wa moyo.

Na mama akipata homa wiki zijazo, msikimbilie duka la dawa. Atolewe damu ya kuoteshwa maabara, kutafuta vijidudu, kabla ya antibayotiki yoyote.