Katiba ya kikoba ndani ya simu: hatua ya mkopo ndiyo mtihani

Ukikabidhiwa kazi ya kuigeuza katiba ya kikoba iwe picha ndefu ya kusoma kwa kutelezesha kidole, usiifuate ibara kwa ibara. Katiba ya kikundi chetu hapa Ujiji inaanza na jina, malengo, sifa za mwanachama na viongozi, ndipo inagusa fedha. Mwenye simu hafiki huko.

Mimi nilizifuata pesa zinavyotembea siku ya kikao. Hatua ya 1, washika funguo watatu wanafungua sanduku. Ya 2 mfuko wa jamii, ya 3 kununua hisa, ya 4 marejesho, ya 5 mikopo mipya, ya 6 kuhesabu na kufunga. Ya 7 ni mgao, mzunguko ukiisha. Faini sikuipa hatua yake. Niliiweka kwa rangi nyekundu ndani ya hatua inayoihusu: ya kuchelewa iko kwenye ya 1, ya kuchelewesha rejesho iko kwenye ya 4.

Hatua ya 5 ndiyo iliyoleta mjadala. Katiba ilisema mwanachama akope hadi mara tatu ya hisa zake, arejeshe ndani ya miezi mitatu, riba asilimia 5 kwa mwezi. Kwenye karatasi inasomeka vizuri. Kwenye picha unahitaji mfano wa shilingi, na hapo ndipo tundu linapoonekana. Mama mwenye hisa 20 za shilingi 2,000 ana 40,000, kwa hiyo anaweza kukopa 120,000. Riba ikipigwa kwa mkopo wote kila mwezi ni 6,000 mara tatu, yaani 18,000. Ikipigwa kwa deni lililobaki, naye anapunguza 40,000 kila mwezi, ni 6,000, kisha 4,000, kisha 2,000: jumla 12,000. Tofauti ni 6,000, na katiba haikusema ni ipi.

Mchoraji hana mamlaka ya kuchagua. Tulilirudisha suala kwenye kikao, wakaamua riba ya deni lililobaki, katibu akaandika kwenye muhtasari na katiba ikarekebishwa. Ndipo nikachora mistari mitatu, kila mmoja una mwezi, rejesho na riba: 46,000, 44,000, 42,000. Hakuna neno "asilimia" kwenye mistari hiyo. Waliokuwa wakiuliza riba kila kikao sasa wanaonyeshana mstari kwa kidole.

Masuala ya kusamehe sikuyachora. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kuanzia Mei hadi Agosti, mama wa dagaa hakuweza kubanwa kama muuza duka. Mambo ya namna hiyo ni ya kikao. Ukiyatia kwenye picha, kila mtu atajiona yumo.

Alama za kuchukua tayari kwenye Canva zichuje. Kisanduku cha akiba chenye umbo la nguruwe hakifai mji huu wenye Waislamu wengi, na mfuko wenye alama ya dola si pesa yetu. Kwenye faini niliwahi kujaribu nyundo ya hakimu. Bibi mmoja muuza mawese akaitazama akaniuliza, "Mwanangu, hapa tunajenga?" Nikabadilisha nikaweka mkono unaotumbukiza sarafu kwenye bakuli, maana faini zetu hutumbukizwa kwenye bakuli. Kwa hisa niliweka mhuri uleule unaogongwa kwenye vitabu vyetu, na sanduku nililichora na kufuli zake tatu. Kipimo changu ni kufunika maandishi na kumwomba asiyesoma vizuri aniambie sheria inasemaje.

Sasa ukubwa. Upana ni pikseli 1080, maandishi ya kawaida 48, namba za hatua 120. Picha yangu nzima ilikuwa na urefu wa 5,400. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, upande mrefu hupunguzwa hadi karibu 1,600, hivyo upana unabaki kama 320 na herufi zinakuwa ukungu hata ukivuta. Kwa hiyo panga mikato kabla ya kuchora: vipande vinne vya 1080 kwa 1,350, hakuna hatua inayokatwa katikati. Hatua ya 1 na 2 pamoja, ya 3 na 4, ya 5 peke yake, ya 6 na 7. Vikifika bila mpangilio, namba kubwa zinavipanga. Nzima itume kwa kitufe cha Document, haibanwi.

Majina na simu za washika funguo, na nyumba linakolala sanduku, visiwemo kabisa. Picha hii itasambazwa na watu usiowajua. Chini kabisa ya kila kipande andika tarehe ya kikao kilichoipitisha, maana picha ya zamani haifutiki kwenye simu za watu, na siku ya ubishi ndiyo itakayotolewa.