Swali la "husoma mara kwa mara" kwenye dodoso

*"Wakuu, msimamizi amenirudishia dodoso. Utafiti ni wa mazoea ya kusoma ya wanafunzi wa sekondari za kutwa hapa Nairobi. Ameweka alama kwenye swali la 'Je, wewe husoma mara kwa mara?' (Kila mara, Mara nyingi, Wakati mwingine, Mara chache, Kamwe) na kuandika 'haipimiki' tu. Nirekebishe vipi?"*

Ndugu, nami nilirudishiwa swali kama hilo. Shida ya kwanza si mizani, ni neno "kusoma". Nilijaribisha dodoso langu kwa wanafunzi sita wa shule moja ya Eastlands, nikimwomba kila mmoja aniambie alichohesabu kabla ya kujibu. Mmoja alihesabu prepu ya jioni, ambayo ni lazima kwa wote. Wa pili alihesabu tuisheni ya Jumamosi. Wa tatu alikuwa na hadithi anazosoma kwenye simu. Wote watatu walikuwa wameweka alama "Mara nyingi"!

"Mara nyingi" nayo kila mtu ana yake. Anayedurusu siku mbili kwa wiki huona amejitahidi kama wenzake hawagusi kitabu. Kwa hiyo niliuliza siku:

"Wiki iliyopita, Jumatatu hadi Ijumaa, ni siku ngapi ulidurusu au kufanya kazi ya shule ukiwa nyumbani? Usihesabu prepu wala tuisheni." Majibu: 0, 1, 2, 3, 4, 5.

Kisha muda: "Jana ukiwa nyumbani, ulidurusu au kufanya kazi ya shule kwa muda gani?" Sikudurusu kabisa; chini ya dakika 30; dakika 30 hadi 59; dakika 60 hadi 119; dakika 120 au zaidi. Usiandike "saa 1–2" halafu "saa 2–3", maana aliyesoma saa mbili kamili hajui atie alama wapi kati ya hizo mbili.

Mipaka ya vikundi pia huvuta majibu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985, Norbert Schwarz na wenzake waliwauliza Wajerumani wanatazama televisheni muda gani kwa siku. Waliopewa mizani inayoanzia "hadi nusu saa", 16.2% walisema wanazidi saa mbili na nusu. Waliopewa inayoanzia "hadi saa mbili na nusu", waliosema hivyo walikuwa 37.5%. Mtu huona kikundi cha katikati ndicho cha watu wa kawaida, akajisogeza huko. Ukiogopa hilo, acha nafasi tupu waandike dakika wenyewe, ila utapata wengi wanaoandika 30 na 60 tu.

Halafu angalia siku ya kugawa dodoso. Mimi niligawia darasa moja Jumatatu, "jana" yao ikawa Jumapili: kanisa, kufua sare, wageni. Karibu darasa zima liliniandikia "sikudurusu kabisa", na ikabidi nirudi Alhamisi na karatasi mpya.